Barua pepe ya alama 12 zilizopotea

Jumatatu ya tarehe 10 Juni 2024, saa mbili na nusu usiku, binti wa kaka yangu alinipigia simu huku analia. Alikuwa mwaka wa pili chuoni, akisoma Kiswahili na historia. Jioni ile alama za koziweki zilikuwa zimepandishwa kwenye mfumo, na kwenye kozi ya fonolojia, mahali pa jaribio la pili, palikuwa na kistari tu. Jaribio la kwanza alipata 11 kati ya 15, semina 8 kati ya 10, kisha hicho kistari. Jumla yake ikasomeka 19 kati ya 40. Mitihani ya mwisho wa muhula ilikuwa ianze tarehe 1 Julai.

"Shangazi, nimeshamwandikia mwalimu. Naomba uipitie tu makosa ya herufi, halafu naituma sasa hivi."

Nikamwomba asitume kwanza, anisomee. Nilikaa miaka 9 kama mwandishi mahsusi katika idara moja ya chuo kikuu, na sehemu kubwa ya asubuhi zangu ilikuwa kufungua barua pepe za wanafunzi: kuzisoma, kuzipeleka kwa anayehusika, na nyingine kuzirudisha kwa aliyeandika nikimuuliza yeye ni nani. Kwa hiyo nilijua tayari nitasikia nini. Alichonisomea ni hiki:

> Mambo Dokta, mimi ni mwanafunzi wako. Sijaona matokeo yangu ya testi 2 na wakati nilifanya na watu waliniona. Wenzangu wote wameona zao. Hii sio haki kabisa kwa sababu pepa zimekaribia na nikipata sapu litakuwa sio kosa langu. Naomba ulishughulikie haraka iwezekanavyo na unijibu leo. Asante.

Yote aliyoyaandika ni kweli. Aliufanya mtihani, wenzake waliona alama zao, na kama kistari kile kingebaki angeingia chumba cha mtihani akiwa na pengo la alama 15. Hata hasira yake naielewa. Lakini mtu aliyetumiwa barua hii hawezi kufanya nayo chochote, na hilo ndilo nililotaka alione kabla hatujagusa neno.

Nikamweleza kinachotokea upande wa pili. Mwalimu anaifungua barua kwenye simu, pengine akiwa kwenye foleni ya benki. Kozi ya fonolojia ina wanafunzi zaidi ya 200, na muhula huohuo anafundisha kozi nyingine mbili. Alama anazo kwenye jedwali la Ekseli lililopangwa kwa namba ya usajili, maana majina yanafanana mno. Ukitafuta jina la baba kama Juma au Msuya unaletewa watu kumi. Sasa anasoma "mimi ni mwanafunzi wako". Wa kozi gani? "Testi 2" ya lini? Barua yenyewe haina jina mwishoni, na juu pale jina la mtumaji linaonekana "Mamii" na ua jekundu, kwa sababu ameituma kwa akaunti yake ya simu ya tangu sekondari. Mwalimu mwenye moyo mzuri atajibu: "Jina kamili, namba ya usajili, kozi?" Hapo siku mbili zimepita. Mwenye shughuli nyingi ataiacha mpaka afike ofisini, na akifika ofisini kuna nyingine 30 juu yake. Nimeliona hili mara nyingi kiasi kwamba siamini tena kwamba walimu wanapuuza barua kwa sababu ya dharau. Mara nyingi barua inakosa kitu cha kushika.

Kabla ya kurekebisha sentensi yoyote huwa nauliza maswali. Nilimuuliza jaribio lilifanyika lini. "Mwezi wa tano." Tarehe? Akatafuta kwenye daftari: Jumatano, tarehe 15 Mei, saa nne asubuhi. Ukumbi gani? Akautaja. Nani alisimamia? Mhadhiri msaidizi, wala si mwalimu wa kozi mwenyewe. Ulisaini karatasi ya mahudhurio? Ndiyo. Karatasi yako ilirudishwa? Ndiyo, wiki ya kwanza ya Juni, kwenye semina, ina alama 12 kwa wino mwekundu.

"Ipo wapi?"

"Ipo hapa kwenye faili."

"Ipige picha unitumie."

Picha ilipofika nikaikuza kwenye skrini. Juu kulia aliandika msimbo wa kozi, tarehe na namba yake ya usajili, na hakuandika jina, kwa kuwa ndivyo walivyoelekezwa. Nikamwambia anisomee namba ya usajili kutoka kwenye kitambulisho, tarakimu tano za mwisho. Akasoma 07163. Kwenye karatasi ya jaribio palikuwa na 07613.

Alinyamaza kwa muda. Mwenyewe, kwa haraka ya kuanza mtihani, alikuwa amebadilisha nafasi ya 1 na 6. Aliyeingiza alama kwenye jedwali alikuta namba isiyo na mwenyewe, au yenye mwenyewe asiyesoma kozi ile, akaiweka pembeni. Kistari kikabaki pale.

Wanafunzi wengi hudhani kuweka tarehe, msimbo na namba ni urasimu wa kumfurahisha mkubwa. Kwa binti yetu, kuvitafuta vitu hivyo ndiko kulikotuonyesha tatizo liko wapi. Laiti angetuma barua ya kwanza, angekuwa amemwambia mwalimu kwamba amedhulumiwa na kwamba kosa si lake, na siku ya tatu karatasi yenyewe ingemkana. Sasa barua ilikuwa na kazi tofauti kabisa: kueleza kosa alilolifanya yeye, kuonyesha ushahidi, na kuomba lirekebishwe.

Ikaja habari ya nani aandikiwe. Yeye, katika sehemu ya "Kwa", alikuwa ameweka anwani ya mwalimu, na kwenye nakala akaweka mkuu wa idara, amidi, na ofisi ya Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma. Alizitoa zote kwenye tovuti ya chuo. Nikamuuliza kwa nini. "Ili asinipuuze."

Nikamwambia azifute. Alama za koziweki zinaanzia kwa mwalimu wa kozi. Yeye ndiye mwenye jedwali na ndiye anayesaini mabadiliko. Akishindwa kuna mratibu wa mitihani wa idara, kisha mkuu wa idara. Amidi hana jedwali la fonolojia. Barua ikimfikia, ofisi yake itaishusha idarani ikiwa na maneno "kwa hatua zaidi", na sasa mwalimu atakuwa anajibu mashtaka ambayo hakuyajua. Kwenye barua rasmi za karatasi tunao utaratibu wa K.K., yaani "kupitia kwa", ambapo ukimwandikia mkubwa unapitisha barua kwa aliye chini yake ili naye aijue na aandike maoni. Nakala ya barua pepe inayowarukia watu juu kwa juu inafanya kinyume cha hilo. Nakala kwa mkubwa katika barua ya kwanza husomeka kama kitisho, hata kama aliyeandika hakukusudia. Iwekeni pale ambapo mmeandika, mmesubiri, mmekumbusha, na bado kimya.

Salamu ilituchukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na sioni kama muda ule ulipotea. "Mambo" aliifuta mwenyewe, akaweka "Shikamoo". Hapo tukabishana kidogo. Mimi nimelelewa na shikamoo, na siku binti yule akiingia kwangu bila kuisema nitamuuliza. Lakini shikamoo ni salamu ya kinywa, inamngoja mtu aitikie marahaba. Kwenye barua inaning'inia. Zaidi ya hapo, mwalimu wake yule ni kijana wa miaka thelathini na kitu, na nimeona wahadhiri vijana wakiona haya wakiandikiwa shikamoo na mwanafunzi wa jioni aliyewazidi umri. Kama mnafahamiana, mwalimu ni mtu mzima na unamwandikia kwa Kiswahili, sikukatazi. Kwa barua ya kwanza, kwa jambo la alama, naona ni salama zaidi kutumia cheo na jina la ukoo: "Ndugu Dkt. K." na mkato. (Herufi nimeweka mimi.)

Alijaribu pia "Mpendwa Dkt.", akasema ameiona kwenye sampuli mtandaoni. Hiyo ni ya Waingereza iliyovishwa kanzu. Kwa Kiswahili mpendwa ni mtu wa nyumbani, mtu wa kanisani, au mtu wa moyoni. Na "Mheshimiwa" tuwaachie wabunge na mahakimu.

Cheo chenyewe kinahitaji kuhakikishwa. Katika vyuo vyetu mhadhiri msaidizi kwa kawaida ana shahada ya uzamili, bado hajapata uzamivu, kwa hiyo ukimwita Dkt. unampa asichonacho, na wengine huliona kama kejeli. Ukimwita profesa "Bw." umemvua alichokisotea miaka mingi. Ukurasa wa idara kwenye tovuti ya chuo huonyesha vyeo, ingawa mara nyingine ni vya zamani. Mlango wa ofisi na ukurasa wa kwanza wa muhtasari wa kozi ni vya kuaminika zaidi. Ukikosa uhakika kabisa, "Ndugu Mwalimu" haijawahi kumkosea mtu. Ukiandikia ofisi, salimia cheo cha anayehusika: "Ndugu Mratibu wa Mitihani", "Ndugu Msajili". Leo yupo huyu, kesho atahamishwa, na barua ibaki mahali pake.

Kisha akaandika sentensi ambayo kila Mtanzania aliyewahi kuomba kazi anaijua: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Nikamwuliza hiyo "husika" ni kitenzi cha namna gani. Yeye ndiye mwanafunzi wa Kiswahili, akacheka. Ni amri. Unamwamuru mwalimu wako ahusike. Tumeizoea hata hatuisikii tena, na kwenye barua ya karatasi yenye YAH: kwa herufi kubwa inapita, hasa ikitanguliwa na "tafadhali". Katika barua pepe inachukua mstari wa kwanza, ule unaoonekana kwenye simu kabla mtu hajaifungua, na haisemi kitu. Mahali pale paweke wewe ni nani na unaomba nini.

Baada ya hapo alielekea upande wa pili, wa unyenyekevu uliopita kiasi: "Kwanza napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kunijalia afya njema, pia nachukua fursa hii adhimu kukupongeza kwa kazi kubwa unayofanya ya kutuelimisha…" Mistari minne, na alama hazijatajwa. Heshima ya barua ya namna hii nadhani iko kwenye kutomchosha anayesoma. "Naomba" moja iliyokaa vizuri inatosha, na "unisaidie" ina upole wote unaohitajika. "Ulishughulikie haraka iwezekanavyo" tuliitoa, maana hiyo ni lugha ya bosi kwa mtumishi. Badala ya kumwekea mwalimu tarehe ya kujibu, tulitaja tarehe ya mitihani na kumwachia hesabu.

Alitaka pia kueleza kwamba baba yake hana kazi tangu mwaka jana, na kwamba chuo hupeleka matokeo Bodi ya Mikopo, kwa hiyo akiharibikiwa mkopo unaweza kukwama. Nilimwelewa, ni kaka yangu huyo. Lakini alama 12 ni zake kwa haki, hazitolewi kwa huruma, na ukiziombea kwa shida za nyumbani unamfanya msomaji ajiulize kama unadai au unaombaomba. Hali ya nyumbani ina barua zake: kuomba kuongezewa muda wa kuwasilisha kazi, kuahirisha masomo, kulipa ada kwa awamu. Huko itaje waziwazi, na uweke hati inayothibitisha.

Kufikia saa nne usiku tulikuwa na hii. Kichwa cha habari:

> KIS 204 Fonolojia: ombi la kurekebisha alama ya Jaribio la 2, namba ya usajili inayoishia 07163

Na barua yenyewe:

> Ndugu Dkt. K.,
>
> Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika kozi yako ya KIS 204, Fonolojia ya Kiswahili. Naomba unisaidie kurekebisha alama yangu ya Jaribio la 2, ambayo haionekani kwenye mfumo.
>
> Nilifanya jaribio hilo Jumatano, tarehe 15 Mei 2024, saa 4 asubuhi, na nilisaini karatasi ya mahudhurio. Karatasi yangu ilirudishwa ikiwa na alama 12 kati ya 15. Baada ya kuichunguza nimegundua kwamba niliandika namba ya usajili kimakosa: niliandika namba inayoishia 07613 badala ya 07163. Nadhani ndiyo sababu alama haikuingizwa kwenye jina langu. Kosa ni langu, na naomba radhi kwa usumbufu.
>
> Nimeambatisha picha ya karatasi ya jaribio na ya kitambulisho changu cha chuo. Karatasi halisi ninayo, na naweza kuileta ofisini kwako siku na saa utakayonielekeza. Mitihani ya muhula inaanza tarehe 1 Julai.
>
> Asante kwa muda wako.
>
> (Jina kamili, kama lilivyo kwenye usajili)
> Namba ya usajili, kamili
> Programu na mwaka wa masomo
> Namba ya simu

Angalia kwamba hasemi "umekosea" wala "mfumo umenidhulumu". Hata kama kosa lingekuwa la aliyeingiza alama, ningemshauri aandike hivyohivyo: "alama haionekani", "naomba unisaidie kuangalia". Unaeleza unachokiona, na kumwachia mwenye jedwali atafute sababu. Kwenye neno "nadhani" alisita, akataka kuandika "ndiyo sababu". Nikalibakiza. Hatukuliona jedwali.

Viambatisho navyo vilihitaji mkono. Picha ya kwanza ilikuwa na jina IMG_20240610_204512.jpg, imepigwa chini ya taa ya njano, kivuli cha simu kimeangukia alama yenyewe. Nikamwambia asubiri asubuhi, aipige karibu na dirisha, namba na alama zionekane pamoja kwenye picha moja, kisha aibadilishe jina iwe KIS204_Jaribio2_07163.jpg. Mwalimu akiipakua, kesho ataikuta. Na barua aitume kwa akaunti ya chuo, ile ambayo hakuwa ameifungua tangu mwaka wa kwanza. Nywila alikuwa ameisahau, ikabidi aende kitengo cha tehama kwanza. Barua ikaondoka Jumanne, tarehe 11 Juni, saa tano asubuhi.

Jumatano kimya. Alhamisi kimya. Ijumaa jioni akanipigia: "Shangazi, naona bora nimwandikie amidi." Nikamwambia siku tatu za kazi kwa mwalimu anayesahihisha si kimya cha kutisha, na kwamba Jumatatu tarehe 17 ilikuwa Idd el-Adha, ofisi zimefungwa. Kukumbusha tulikubaliana iwe Jumanne. Kwenye kukumbusha watu wengi hufungua barua mpya na kuanza upya, wakati mwingine wakiandika "Je, umeiona barua yangu?", ambayo ina sauti ya mwenye nyumba anayedai kodi. Yeye alijibu juu ya barua yake ileile, ili maelezo na picha vibaki chini yake:

> Ndugu Dkt. K.,
>
> Naomba kukukumbusha kuhusu ombi langu la tarehe 11 Juni hapa chini, la alama ya Jaribio la 2 katika KIS 204. Kama suala hili linapaswa kupelekwa kwa mratibu wa mitihani, naomba unielekeze nami nitampelekea.
>
> Asante.

Hiyo sentensi ya mratibu ndiyo niliyoipigania zaidi. Inampa mwalimu njia ya kujibu kwa mstari mmoja hata kama hana nafasi ya kulishughulikia mwenyewe, na inaonyesha unajua kuna ngazi nyingine bila kuipanda.

Jibu lilikuja Jumatano saa moja asubuhi, maneno machache: "Nimeona. Kuna alama 12 isiyo na mwenyewe kwenye orodha yangu. Njoo kesho saa nne na karatasi halisi na kitambulisho." Alipokwenda, mwalimu alilinganisha mwandiko na karatasi ya jaribio la kwanza, akajaza fomu ya kurekebisha alama, akasaini, akamtuma kwa mkuu wa idara kupata sahihi ya pili. Barua pepe isingeweza kufanya sehemu hiyo. Ilimfikisha mlangoni akiwa na miadi, na mwalimu tayari akijua anakuja kufanya nini.

Tarehe 25 mfumo ukaonyesha 31 kati ya 40. Akaniuliza kama inabidi aandike tena, maana jambo limeisha. Nikamwambia mwalimu hajui kama limeisha. Yeye alisaini fomu tu, na fomu hupotea njiani. Akaandika: "Ndugu Dkt. K., nimeona alama ya Jaribio la 2 imeingia, jumla sasa ni 31. Nashukuru sana." Akaituma, akarudi kwenye fonimu zake.